Alama ya Mia na Mbili

Mwaka 1954, katika shamba moja la mkonge upande wa bara wa Muheza, karani mmoja aitwaye Noa Shemweta alifanya hesabu ya mistari minne, akapata jibu sahihi, na jibu hilo likamnyima mdogo wake nyumba. Nasema sahihi kwa sababu nimelipitia mwenyewe zaidi ya mara moja, na mimi hesabu zangu nimejifunzia sokoni, hazinidanganyi kirahisi. Kosa halikuwa kwenye hesabu.

Noa nilimjua kwa ng'onda. Nilikuwa nachukua samaki waliokaushwa kule Kigombe, nawafunga kwenye baiskeli, nawapandisha hadi kambi za mkonge, ambako manamba, vibarua wa mkataba, walikuwa wamechoka kula maharage ya posho. Wengi walinunua kwa kelele. Noa alinunua kimya. Alisimama, akatazama fungu, akahesabu vichwa, akalipa bei niliyoitaja. Siku ya tatu nikamwambia, "Bwana karani, mbona hushushi hata senti? Unaniharibia mchezo."

Akasema, "Bei si umeitaja?"

"Nimeitaja ili uishushe."

Alitabasamu kidogo, lakini hakushusha. Ndivyo alivyokuwa. Mshambaa wa milimani, Mlutheri, mtoto wa mwinjilisti, alisomea ualimu mwaka mmoja, baba yake akafa, akateremka mkongeni kutafuta kazi ya kalamu. Walimpa ukarani wa matita. Kazi yenyewe ni hii: mkataji hukata majani ya mkonge, akayafunga matita ya majani thelathini thelathini, akayapanga kando ya reli ya tololi, vigari vya kubebea mkonge. Karani hupita, huhesabu matita ya kila mtu, huandika kwenye daftari na kwenye kipande cha mkataji, yaani kadi yake ya siku za kazi. Kazi ya siku ilikuwa matita hamsini. Mwenye nguvu alizidisha.

Mdogo wake, Ruthi, alimfuata mwaka uliofuata kuja kumpikia kaka yake. Hakupika sana. Akaolewa na mkataji, Rafaeli, Mngoni wa Songea, Mkatoliki. Mama yao kule mlimani alituma barua moja tu, ya mistari miwili, na hakutuma nyingine. Noa ndiye aliyesimama kwenye harusi. Kwa hiyo mambo ya Ruthi yote yalimwangukia yeye. Kama binti yule angeishi vibaya, mama angesema kaka yake ndiye aliyemtupa.

Na alikuwa akiishi vibaya. Kambi ya zamani ilikuwa vyumba vya udongo mgongo kwa mgongo, kumi upande huu, kumi upande ule, ukikohoa chumbani mwako jirani anakuambia pole. Mvua za masika zikinyesha, maji ya choo yalipita mlangoni. Ruthi alikuwa amezika mtoto mmoja pale, wa miezi minne, kwa kuhara.

Kampuni ikajenga nyumba mpya. Arobaini, za matofali, paa la bati, vyumba viwili, jiko nje, bomba moja kwa kila nyumba nne. Walitaka wakataji wazuri wakae na wake zao, wasirudi kwao kila mkataba ukiisha. Wakataji walikuwa mia nne. Nyumba arobaini kwa watu mia nne, maana yake mmoja katika kila kumi. Hapo ndipo ilipoanza habari ya alama.

Kampuni ikamleta Mzungu mmoja wa vipimo. Manamba walimwita Bwana Saa kwa sababu alitembea na saa ya mkononi ya kusimamisha na kuachia. Alichagua wakataji ishirini, kwa bahati nasibu, majina yakatolewa ndani ya kofia ya meneja. Kwa wiki nzima Noa aliandika matita yao kando, kisha akatoa wastani wa siku wa kila mmoja. Kutokana na ishirini hao ingepatikana alama moja. Mkataji yeyote wa shamba ambaye angefikia alama hiyo kwa wastani katika mwezi wa majaribio, angepewa nyumba.

Katika majina ishirini, la Rafaeli lilikuwamo. Ruthi aliposikia alikwenda kwa kaka yake mbio, khanga imemlegea.

"Kaka, limetoka! Jina la Rafaeli limetoka kwenye kofia."

"Kutoka kwenye kofia si kupewa nyumba. Ni kupimwa tu."

"Basi watapima." Akacheka. "Wacha wapime."

Noa alielewa alichochekea. Alikuwa akihesabu matita ya Rafaeli kila asubuhi kwa miezi minane sasa, na tangu mwezi wa kwanza aliona kitu ambacho mnyapara hakukiona. Tita hufungwa kwa utepe wa jani lenyewe la mkonge. Wanaume wa kusini hukunja utepe mara mbili na kuuchomeka chini. Nusu ya matita ya Rafaeli, au pungufu kidogo, yalifungwa vingine: utepe umezungushwa, ukapitishwa katikati, ncha ikabaki juu kama sikio. Hivyo ndivyo mama yake Noa alivyofunga kuni. Ruthi alikuwa akiingia shambani alfajiri kabla ya wanyapara, akikata pamoja na mumewe, akitoka jua likichomoza na kitita cha kuni kichwani, kama mwanamke yeyote aliyetoka kuokota kuni.

Hilo lilikatazwa. Kipande kilikuwa cha mtu mmoja. Mkataji aliyekamatwa na msaidizi alifutiwa siku, na akirudia alifukuzwa. Lakini wenye wake walifanya. Mwenzake Rafaeli katika wale ishirini, Uweso, mtu wa Pongwe, alikuwa na wake wawili, na wenziwe walimtania kwamba wanakata kwa zamu, mmoja Jumatatu mwingine Jumanne, ila yeye mwenyewe hana zamu ya kupumzika. Noa aliona, akaandika, akanyamaza. Kila tita lilikuwa tita. Majani thelathini yalikuwamo. Yeye alihesabu matita, hakuhesabu mikono.

Wiki ya vipimo ikaisha. Bwana Saa akamwita ofisini, akampa karatasi.

"Panga namba zote, ndogo kwanza, kubwa mwisho."

Noa akapanga. Nakala yake ninayo mimi hadi leo, kwa penseli, mwandiko wa mwalimu:

52, 55, 57, 58, 60, 61, 63, 64, 66, 67, 68, 70, 71, 73, 75, 77, 80, 84, 104, 109.

Wa mia na tisa ni Uweso. Wa mia na nne ni Rafaeli.

"Sasa," akasema Bwana Saa, "tunataka alama ya tisini katika mia. Watu tisini katika mia wawe chini yake, kumi wawe juu. Namba ziko ishirini. Ongeza moja, ishirini na moja. Zidisha kwa tisini, gawanya kwa mia. Unapata nini?"

"Kumi na nane nukta tisa."

"Hiyo si alama. Hiyo ni nafasi. Hesabu kutoka chini mpaka mtu wa kumi na nane."

"Themanini na nne."

"Mtu wa kumi na tisa?"

"Mia na nne."

"Alama yetu iko kati yao. Imeshapita wa kumi na nane, imekwenda sehemu tisa za kumi za njia kuelekea wa kumi na tisa. Njia ina urefu gani?"

"Ishirini."

"Sehemu tisa za kumi za ishirini?"

"Kumi na nane. Themanini na nne na kumi na nane, mia na mbili."

Bwana Saa akapiga meza kwa kidole. Alikuwa hajategemea karani wa matita aende haraka vile. Nadhani hapo ndipo Noa alipoponzwa na furaha, maana badala ya kutoka akabaki amesimama, akasema, "Bwana, naweza kuuliza? Kwa nini tunaongeza moja?"

"Kitabu kinasema."

"Mimi nilifikiri hivi. Miti ishirini ya ua ina nafasi kumi na tisa katikati yake. Nikitaka kutembea sehemu tisa za kumi za ua, natembea katika nafasi kumi na tisa, si ishirini na moja. Kumi na tisa mara tisini kwa mia ni kumi na saba nukta moja. Na kwa kuwa nilianza kwenye mti wa kwanza, nimefika mti wa kumi na nane nukta moja."

Mzungu akavuta karatasi. Akachukua penseli mwenyewe. Themanini na nne, kuongeza sehemu moja ya kumi ya ishirini, ambayo ni mbili. Themanini na sita.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna, Bwana. Ua."

Yule bwana akacheka, lakini hakumdharau, na hili namwachia sifa yake. Akamwambia kwamba njia hiyo nayo imo vitabuni. Namba zikiwa nyingi sana, njia zote mbili hukaribiana hata usijali. Zikiwa ishirini tu, na mwanya ukiwa mkubwa kama huu wa themanini na nne kwenda mia na nne, hutengana. "Kampuni haikuniambia nitumie ipi," akasema. "Wewe unawajua watu hawa. Wewe ndiye unayewahesabu. Niandikie zote mbili kwa usafi, na kesho asubuhi uniambie ipi inawafaa. Nitaweka sahihi hiyo."

Basi fikiri. Karani wa matita, mshahara wake hautoshi viatu, amekabidhiwa alama ya watu mia nne, achague kati ya mia na mbili na themanini na sita.

Alikuja kwangu saa tisa alasiri. Nilikuwa nimeketi chini ya kibanda changu cha makuti nje ya kambi, nafukuza nzi kwenye ng'onda. Hakununua. Alikaa juu ya debe, akanieleza yote, karatasi magotini, kidole kikitembea kwenye namba. Nilimwacha amalize.

"Wasiwasi wako uko wapi?" nikamwuliza.

"Rafaeli peke yake, bila Ruthi, nakadiria anakata sabini na mbili. Uweso sabini. Nikiziweka hizo mahali pa mia na nne na mia na tisa, orodha inageuka." Akanionyesha pembeni ya karatasi alipokwisha kuigeuza. Sasa wa kumi na nane alikuwa sabini na saba, wa kumi na tisa themanini, wa mwisho themanini na nne. "Tazama. Kwa njia ya kitabu napata sabini na tisa nukta saba. Kwa njia ya ua, sabini na saba nukta tatu. Zinakaribiana, kwa sababu mwanya umefungika. Alama ya haki ni themanini, Bwana Miraji. Themanini hivi. Zile mbili kubwa ni za uongo, na alama yote inaning'inia kwenye zile mbili."

"Basi mwambie Mzungu."

"Nikimwambia namkabidhi shemeji yangu. Atafukuzwa yeye na Uweso. Na mimi ataniuliza nimeandika uongo kwa miezi mingapi."

"Hilo basi halisemeki. Zimebaki mbili. Mia na mbili, au themanini na sita."

"Themanini na sita iko karibu na haki."

Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na moja, nimeanza biashara na kapu moja la samaki wa mkopo, na sikuwa nimewahi kushindwa kwa bei. Nikamwambia nililoliamini. "Kwa themanini na sita watafika wangapi?"

"Sijui. Wakijitahidi, labda hamsini, labda kumi. Wakizidi arobaini watapiga kura."

"Kwa hiyo Ruthi anaingia kwenye kura pamoja na hao wote. Kwa mia na mbili?"

Kidole chake kikasimama kwenye mia na nne.

"Kwa mia na mbili," nikasema, "wanafika wenye wake wanaoamka mapema. Rafaeli ana mia na nne. Yumo, na mbili za akiba. Kitu ukitaka kiwe chako, kipandishe bei mpaka wengine waondoke kwenye meza. Wewe unaye mwenye kufika. Unasita nini?"

"Wengine je?"

"Wengine ni dada zako?"

Akakunja karatasi. Alisimama, akasema, "Nipe fungu moja la ng'onda, nimpelekee Ruthi." Nikataja bei. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaishusha, senti kumi, na mimi nikafurahi, nikadhani amejifunza.

Asubuhi akamwambia Bwana Saa, "Tufuate kitabu, Bwana." Ikawekwa sahihi: mia na mbili. Karatasi ikaenda kwa meneja, nakala ikaenda makao makuu kwa posta.

Alama ilipobandikwa ukutani mwa ofisi, wakataji walijazana. Mmoja akauliza kama hiyo ni ya siku moja au ya siku mbili. Mwingine akasema huenda ni namba ya nyumba. Yule wa themanini na nne, mtu aliyekuwa akiogopwa shamba zima kwa upanga wake, alisoma, akatema mate, akaenda zake. Rafaeli alisimama nyuma, mikono kifuani, na kwa jinsi Ruthi alivyosimulia baadaye, usiku ule walipanga jiko litazame upande gani.

Lakini Bwana Saa hakuwa mjinga. Na hilo ndilo nililolisahau mimi. Nilipiga hesabu ya wanunuzi, sikupiga hesabu ya mwenye duka. Kabla hajaondoka aliitazama tena ile orodha. Namba kumi na nane zinapanda ngazi moja moja, mbili mbili, tatu, mwisho nne. Halafu ghafla, kutoka themanini na nne, mruko wa ishirini. Akamwambia meneja, na Noa alikuwapo akisubiri kupokea faili: "Watu hawa wawili ni hodari mno. Katika mwezi wa majaribio weka mnyapara kwenye kila mstari, tangu alfajiri. Nataka kujua mia na nne inatoka mikononi mwa nani."

Noa akasikia yote. Angeweza kusema neno pale. Mwezi wa majaribio ulikuwa haujaanza, wino haujazeeka. Angeweza kusema, Bwana, ikiwa unazitilia shaka namba hizo mbili, basi na alama uitilie shaka, kwa sababu imejengwa juu yake. Mzungu mwenyewe angeielewa hiyo kwa pumzi moja. Lakini angeulizwa, wewe karani umejuaje? Akapokea faili, akatoka.

Mnyapara mkuu, Idarusi, aliwapanga vijana wake mistarini saa kumi na moja alfajiri. Siku ya kwanza Ruthi alifika na kitita chake cha kuni, akamkuta Idarusi amekaa juu ya tololi, anakunywa chai kwenye kopo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kuni hizo unazitoa wapi, mbona giza?"

"Huko mbele."

"Mwezi huu huko mbele hakuna kuni. Rudi ukalale."

Akarudi. Alirudi akapita nyumbani kwa Noa, akagonga. "Kaka, wameweka watu shambani."

"Najua."

"Ulijua tangu lini?"

Akasogea mlangoni ampishe. Ruthi alikuwa na akili ya haraka kuliko yeye, ila hakusoma. Aliingia, akaketi, akataka aelezwe ile mia na mbili ilipatikanaje. Noa, ambaye hakuwahi kumdanganya, alimweleza. Alimchorea miti ya ua mezani kwa chaki. Akamwonyesha themanini na sita. Akamwonyesha hata ile themanini ya pembeni.

"Ukachagua mia na mbili."

"Kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu," akasema Ruthi. "Na Rafaeli sasa akate mia na mbili kwa mikono ipi?"

Rafaeli alikata. Kwa siku ishirini na sita alikata kama mtu anayepigana na kitu. Mwiba wa ncha ya mkonge ulimchoma chini ya jicho, akafunga kitambaa, akaendelea. Noa alipita kila siku na daftari lake, akahesabu, na kila tita lilikuwa na fundo la kusini, lililokunjwa mara mbili na kuchomekwa chini. Hakuna sikio hata moja.  Rafaeli alisimama, Noa akahesabu. Mwisho wa mwezi wastani wa Rafaeli ulikuwa themanini na moja.

Themanini na moja. Noa alimkadiria sabini na mbili, akasahau kwamba mtu anayetaka nyumba si mtu yule yule wa siku zote.

Shamba zima, katika watu mia nne, waliofika mia na mbili walikuwa watatu, na Uweso hakuwamo. Noa aliniletea daftari la mwezi kibandani, akakaa juu ya debe lile lile, akanisomea bila kuinua macho. Waliofika themanini na sita, kumi na mmoja. Waliofika themanini, thelathini na wanane.

"Thelathini na wanane," akarudia. "Nyumba arobaini."

Nilimwambia amwendee meneja. Alikuwa ameshakwenda. Meneja alimjibu kwamba alama imetoka kwa mtaalamu, iko makao makuu, na shamba halibadilishi alama kwa sababu watu wameshindwa kuifikia. Akamwongezea kwamba nyumba haziwezi kukaa tupu, mchwa watakula milango. Watatu wapewe zao. Thelathini na saba zilizobaki zigawiwe madereva wa tololi, mafundi wa mashine, wauguzi na makarani.

Karani Noa Shemweta alipewa nyumba namba kumi na sita.

Hakukataa. Watu husimulia hadithi hii na kumfanya akatae, lakini hakukataa, na mimi simlaumu, chumba alichokuwa nacho kilivuja. Alihamia Jumamosi. Jumapili, baada ya ibada, akamwita Ruthi na mumewe. Rafaeli hakuja. Ruthi alikuja, akasimama nje karibu na bomba.

"Ingia, mdogo wangu."

"Naona kutoka hapa."

"Vyumba ni viwili. Chukueni kimoja wewe na Rafaeli. Hakuna atakayeuliza."

"Kaka, nyumba hii niliikata mimi. Alfajiri, tita kwa tita, tumbo likiniuma. Siingii kuwa mgeni wako humo." Akafungua bomba, akanawa miguu, akafunga. "Maji mazuri," akasema, akaenda.

Mkataba wa Rafaeli ulikuwa umebakiza vipande viwili, kadi mbili za kujaza. Walivimaliza, wakachukua tikiti za kampuni za kurudi Songea. Niliwaona stendi ya Muheza, wamekaa juu ya sanduku la mbao, Ruthi anamenya chungwa. Nilimpa mafungu mawili ya ng'onda, sikumtajia bei. Akaniuliza, "Wewe ndiye uliyemwambia kaka apandishe?"

"Ndiye mimi."

"Nilijua si akili yake." Akanirudishia fungu moja, akabaki na moja. "Hili nalichukua. Safari ni ndefu."

Noa alibaki shambani miaka mitano mingine. Alipandishwa akawa karani mkuu, akaoa mwalimu, Beatrisi, mwanamke mpole aliyepanda maua mbele ya namba kumi na sita na asijue kwa nini mumewe hakuyamwagilia. Ng'onda aliendelea kununua kwangu. Siku moja, mwaka wa hamsini na tisa, nikiwa nimeshaacha baiskeli, nina lori na nanunua machungwa kwa shamba zima, alinikuta Muheza napatana na mkulima.

"Bwana Miraji," akasema, "ulinishauri vibaya."

"Nilikushauri bei. Hukuniambia mwenye duka atasimamisha mlinzi."

"Hukuniuliza."

"Na wewe hesabu ulikuwa nayo. Themanini uliiona, iko pembeni ya karatasi, mwandiko wako."

Akatikisa kichwa, kwa kukubali au kwa kuchoka, sijui. Akatoa mfukoni karatasi ile, imechakaa kwenye mikunjo, akaniwekea mkononi. "Kaa nayo wewe. Mimi nimeihifadhi miaka mitano. Ruthi hajaandika hata mara moja."

Nikaikunja nikaitia mfukoni. Mkulima alikuwa bado anasubiri bei, nikamtajia. Noa akasimama pale akisikiliza, mpaka yule mtu alipokubali bei ya kwanza bila kuipandisha, kisha akaenda zake kupanda gari la shamba.